Lita Si Kilo: Maneno kwa Wanaotaka Kufungua Duka la Kupima

Mama mwenyekiti, dada zangu, na kaka wawili ninaowaona pale nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nieleze habari za duka langu la kupima, lile ambalo mteja anakuja na chombo chake mwenyewe. Nimebeba mizani yangu ndogo na chupa tatu. Ziko hapa mezani, tutazifikia, naomba asiziguse mtu kwanza.

Duka langu liko Tabata. Ni chumba kimoja cha mbele, kina meza, mapipa mawili yenye bomba, na ndoo zenye mifuniko. Nauza mafuta ya alizeti, sabuni ya maji, mchele, maharage, sukari na chumvi. Basi. Jambo lenyewe wala si geni. Wengi wenu mlitumwa dukani na chupa ya mafuta mkiwa watoto, mkaambiwa mkiimwaga msirudi. Baadaye tukazoea mafuta ya kufungwa kwenye vifuko vya nailoni, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kilichobadilika ni kwamba leo mteja anajua hesabu, ana simu mkononi, na ukimpunja mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Nitaanza na hasara yangu, maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwezi wangu wa kwanza niliuza mafuta madumu kumi. Leo nitatumia bei za mfano ili hesabu iwe nyepesi, ninyi mtaweka za sokoni kwenu. Tuseme dumu la lita 20 nililinunua kwa shilingi 100,000, na usafiri ukala 2,000. Madumu kumi ni 1,020,000. Nikapanga kuuza lita kwa 6,000. Nilijua mafuta mengine hubaki ukutani mwa dumu na mengine hudondoka kwenye bomba, kwa hiyo nikahesabu kwamba kila dumu litanipa lita 19 na nusu. Lita 195 mara 6,000 ni 1,170,000. Nikategemea 150,000 ya kubaki.

Mwisho wa mwezi nikafungua kisanduku nikakuta mauzo ya mafuta ni 1,076,400. Pungufu karibu 94,000. Pipa liko tupu, daftari limeandikwa vizuri, hela haipo.

Nina binti ananisaidia dukani. Sitaficha, nilimshuku yeye. Siku tatu nilikuwa namwangalia mikono badala ya kuangalia wateja. Siku ya nne nikamkalisha, nikamwambia, "Mwanangu, kama una shida niambie." Akashangaa, akanyamaza, kisha akaniuliza swali moja: "Mama, kwani lita moja ya mafuta ni kilo moja?"

Nikamjibu ndiyo. Yeye akachukua kopo la lita moja, akaliweka juu ya mizani, akaliondolea uzito wake, akalijaza mafuta hadi mstarini. Mizani ikasoma gramu 920.

Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Kila mmoja wetu ameliona hilo jikoni tangu utoto, lakini mimi nilikuwa nimeingiza 6,000 kwenye mizani kama bei ya kilo. Mizani ilipofika 6,000, mteja alikuwa amepewa kilo nzima, yaani lita moja na karibu glasi ndogo juu yake. Lita niliyodhani nauza 6,000 nilikuwa naiuza 5,520. Lita hiyo hiyo, ukijumlisha usafiri na ile inayopotea, ilikuwa imenigharimu kama 5,230. Nilikuwa nasimama kutwa nzima kwa faida isiyofika shilingi 300 kwa lita. Binti nilimwomba radhi mbele ya mama yake, na mshahara wake nikauongeza kidogo, maana aibu ile ilikuwa yangu.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji kitabu. Chukua kipimo cha lita moja unachokiamini, kiweke tupu juu ya mizani, kiondolee uzito, kijaze bidhaa yako, usome. Kwa mafuta utapata karibu gramu 920. Gawanya bei ya lita kwa 0.92. Elfu sita ukigawa hivyo unapata kama 6,520, mimi nikaiweka 6,500, na hiyo ndiyo bei ya kilo inayoingia kwenye mizani. Sabuni ya maji inakwenda kinyume. Yangu lita moja ina kama gramu 1,030. Ukiuza lita kwa 2,000 na ukaweka 2,000 hiyo hiyo kama bei ya kilo, anayepunjwa sasa ni mteja: lita yake atailipia 2,060. Si kubwa, lakini ni yake. Na ukifikiria kuongeza asali siku moja, pima kwanza, kwa sababu lita ya asali ina karibu kilo moja na gramu 400. Hapo kosa kama langu linafunga duka.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie makopo ya lita, nusu na robo, mambo yaishe. Kwa sababu mteja wetu haombi robo lita. Anasema, "Nipe ya elfu moja." Na jioni anakuja mtoto, "Mama kasema ya mia tano." Mizani yenye hesabu ya bei inamhudumia kila mmoja bila mimi kukisia. Ya elfu moja kwa bei ile ni gramu 154, yaani karibu theluthi moja ya chupa ile ya maji ya nusu lita.

Sasa tazameni hapa. Naweka chupa hii tupu, inasoma gramu 28. Nikisahau kuiondoa, mteja wa elfu moja nimemlipisha plastiki yake mwenyewe kwa bei ya mafuta, na nimemla karibu moja ya tano ya alichonunua. Chupa ya kioo ndiyo kabisa, peke yake inaweza kuwa nzito kuliko mafuta ya elfu moja, asipate kitu. Kwa hiyo kila chombo, kila mara, kinakwenda juu ya mizani kikiwa tupu, unabonyeza kitufe kilichoandikwa TARE, na mteja anaiona sifuri kwa macho yake. Mfuniko ama uwe juu ya mizani mara zote mbili, ama uwe mezani mara zote mbili. Kioo cha mizani kimgeukie yeye. Bibi mmoja jirani yangu haoni vizuri, lakini huwa anauliza, "Umeshaifuta?" Namjibu, "Nimeifuta bibi," na huwa namsomea namba kwa sauti.

Kuhusu mizani yenyewe, msinunue ile ya jikoni ya kupimia unga wa keki mkadhani mmepata. Ya biashara inapaswa kukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na ukaguzi unarudiwa. Na angalieni inaruka kwa gramu ngapi. Nilianza na mizani ya kilo 30 inayoruka gramu kumi kumi. Kwa mchele wa kilo tano haina neno. Kwa mafuta ya mia tano, ambayo ni gramu 77, kuruka kumi ni mchezo wa bahati nasibu. Ndiyo maana hii ndogo ya kilo sita, inayoruka gramu mbili, ndiyo ya mafuta na sabuni, na ile kubwa iko upande wa nafaka.

Twende kwenye kununua. Ukinunua kwa jumla, neno la kwanza kumuuliza muuzaji wa mafuta ni hili: dumu lako ni la lita 20 au la kilo 20? Wapo wanaouza hivi na wapo wanaouza vile, na kwa midomo yote wanasema "dumu la ishirini". Tofauti yake ni zaidi ya kilo moja na nusu. Langu tupu lina kama kilo moja, basi likija na lita 20 mizani lazima isome karibu 19.4. Siku niliyokuta 18.4 sikugombana na mtu. Nilimwita dereva aione, nikampigia muuzaji simu papo hapo, akapunguza bei. Ukishalimimina kwenye pipa huna tena cha kumwambia.

Mchele ni vivyo hivyo. Gunia la kilo mia nalipima likishushwa, kisha napepeta. Tuseme umenunua kwa 250,000, umekuta kilo 98, na baada ya kutoa vumbi, mapepe na mawe zikabaki 96. Mchele wako haukukugharimu 2,500 kwa kilo, umekugharimu kama 2,600. Anayeweka bei akiangalia risiti tu huuza kwa hasara huku anatabasamu.

Karanga siuzi, na unga wa karanga siuzi. Nimeulizwa sana. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara. Mwenye maabara ya kupimia auze, mimi sina.

Nisiwachoshe na bidhaa zote, ila bei nataka tuielewe vizuri, kwa sababu mafuta na sabuni hazifanyi kazi moja dukani. Mafuta yananiachia kama 770 kwa lita. Sabuni ya maji, tuseme dumu la lita 20 ni 24,000, inanigharimu 1,200 kwa lita na naiuza 2,000, inaniachia 800. Ukiziangalia hivyo zinafanana. Lakini ili nipate ile 770 nimelaza zaidi ya 5,200 ndani ya mafuta, na ili nipate 800 nimelaza 1,200 tu. Kila shilingi elfu moja niliyoweka kwenye mafuta inanirudishia faida ya kama 150, na kwenye sabuni inanirudishia zaidi ya 650. Ukisikia hivyo utasema basi niuze sabuni tupu. Hapana. Sabuni mtu ananunua mara moja kwa wiki mbili. Mafuta anayafuata kila siku, na siku anayofuata mafuta ndiyo anakumbuka sabuni imekwisha. Kwa hiyo mafuta nayaachia faida nyembamba ili yalete miguu dukani, na sabuni ndiyo inayolipa kodi ya chumba.

Na bei yako lazima iwe chini ya ile ya chupa iliyofungwa dukani kwa jirani. Mteja amebeba chupa, ameiosha, ametembea nayo. Kama bei ni ileile, kwa nini ahangaike? Mimi naulizia kwa wauza vifungashio chupa ya lita moja na mfuniko wake vinauzwaje, na nusu ya pesa hiyo, au zaidi, namwachia mteja. Asiye na chupa nampa ya kwangu safi kwa amana, kama tulivyozoea kwenye chupa za soda. Akiirudisha, anarudishiwa pesa yake au anachukua nyingine iliyooshwa.

Wengine watawashauri muwatoze zaidi wanaonunua kidogo. Ni kweli anayenunua ya mia tano anakula muda uleule wa anayenunua lita tatu. Mimi nimeamua bei ni moja, ila chini ya mia tano sipimi mafuta. Mnaweza kuamua vingine, mkijua kwamba wale wa mia tano ndio wanaokuja mara mbili kwa siku.

Sasa usafi, na hapa ndipo chupa zangu zinaingia.

Chupa ya kwanza, hii. Inang'aa, haina harufu, imeoshwa leo asubuhi kwa sabuni. Nani angeijaza mafuta? Mikono mingi. Mimi nisingeijaza. Nageuza mdomo wake chini juu ya karatasi laini, nagonga mara mbili. Mnaona? Matone matatu. Maji yakiingia kwenye mafuta yanazama chini, mteja akimimina yale ya mwisho kwenye kikaango cha moto yanamrukia usoni. Na mafuta yaliyokaa na maji siku nyingi huanza kuvunda. Chupa inayotoka kuoshwa inahitaji usiku mzima kichwa chini, bila mfuniko.

Chupa ya pili haina tone. Lakini vueni mfuniko mnuse. Naona dada ameshakunja uso. Ilikuwa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa huingia ndani ya plastiki yenyewe, hata uioshe mara kumi, ukiifunga usiku asubuhi harufu imerudi. Hii hairudi kuwa chombo cha chakula, wala chupa ya dawa ya kilimo, wala ya kuua wadudu, hata mwenyewe akiapa. Kwa hiyo kila chupa ya mafuta inayoingia dukani kwangu tunainusa kwanza.

Chupa ya tatu ni ya soda, safi kabisa, na aliyeileta alitaka dawa ya kuoshea choo. Nilimkatalia. Mtoto akiiona chini ya sinki anajua ni soda. Na hapo kuna hatari nyingine. Dawa nyingi za choo ni asidi, na zikikutana na mabaki ya jiki, iwe kwenye chupa au kwenye faneli, hutoa hewa ya klorini inayobana kifua. Chumba changu ni kimoja, kina dirisha moja. Niliamua nisiuze jiki wala dawa ya choo. Mwenye kuuza atenganishe faneli na rafu, abandike jina kwenye kila chombo, na asijaze kamwe kwenye chupa ya kinywaji.

Ndani ya duka sheria zangu ni chache. Bomba haligusi mdomo wa chupa ya mteja, kwa sababu chupa moja chafu ikiligusa bomba, kila anayefuata anapewa uchafu wake. Faneli ya sabuni haiendi kwenye mafuta. Kilichoingia kwenye chupa ya mteja hakirudi kwenye pipa, hata kama nimezidisha. Nikizidisha ni sadaka yake. Na pipa halijaziliwi juu ya masalio. Mafuta ya zamani yaliyoanza kuchacha huharibu mapya upesi, kwa hiyo namaliza, naosha kwa maji ya moto na sabuni, nasuuza, nakausha mpaka ndani, ndipo namimina. Nina mapipa mawili ya mafuta kwa sababu hiyo tu, moja linauza, jingine linakauka. Yote hayapitishi mwanga na hayakai juani. Jua huyachachisha mafuta, na ile vitamini A iliyoongezwa kiwandani huharibika kwa mwanga.

Sabuni inadanganya watu. Wanasema, sabuni itaozaje? Inaoza. Mama mmoja alikuja na dumu dogo lililobaki sabuni kidogo, alikuwa ameitia maji ili isimwagike bure, akaniambia, "Jazia juu hapo hapo." Nikajazia, kwa uvivu. Baada ya siku nane akarudi nayo nyepesi kama maji ya mchele, ina harufu ya yai bovu. Sabuni nyingi za maji hufanywa nzito kwa chumvi, ukizitia maji ule uzito unakatika. Na dawa ya kuzuia vijidudu iliyomo nayo imezimuliwa, vijidudu vinaanza kuishi humo. Nilimpa nyingine bure, lakini siku hizi najaza kwenye kilichokauka tu. Kwa anayewatengenezea sabuni, muulizeni ameiweka dawa gani ya kuihifadhi. Wapo wanaotia fomalini kwa sababu ni rahisi. Inawasha macho na ngozi, na ni kemikali inayosababisha saratani. Mimi kwa huyo sinunui.

Kuhusu vibali nitakuwa mfupi: TIN, leseni kutoka halmashauri, vyeti vya afya vya wote wanaogusa chakula, na mwiteni bwana afya wa kata kabla hamjaweka rafu. Aliyenikagua mimi alinihamishia ndoo za mchele zipande juu ya chaga, kiganja na nusu kutoka sakafuni. Ningeshajenga, ningebomoa.

Kila Jumatatu kabla ya kufungua napima mapipa. Uzito wa Jumatatu iliyopita, jumlisha ulioingia, toa ulioandikwa kuuzwa. Mafuta yakipungua zaidi ya asilimia mbili na nusu, natafuta: bomba linavuja usiku, mizani haisomi sawa, au kuna mtu hafuti uzito wa chombo. Safari iliyopita ilikuwa bomba, tone moja moja, tulilikuta kwa sababu sisimizi walipanga mstari.

Naona dada pale ameinua mkono. Anauliza, mteja akija na chupa iliyolowa na nyumbani watu wanasubiri kupika, unamwambiaje? Namwambia, "Shoga, hii niachie hapa." Nyuma ya mlango nina ubao wenye misumari mirefu, chupa zinakaa kichwa chini, kila moja na jina limebandikwa. Nampa yangu ya amana, na akiwa ni mtu wa kila siku simtozi. Kesho anakuja, yake imekauka, tunabadilishana. Jana jioni nilihesabu, zilikuwa kumi na saba kwenye misumari.